Shoti ya 62,000 dukani: nimkate, nimfukuze au nimvumilie?

Anti habari za majukumu. Naomba usinitaje jina, wateja wangu wengine wanasoma hapa. Nina duka la rejareja Mbagala Charambe, la kawaida tu, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, sigara. Huu mwezi wa pili nimemchukua binti wa miaka 21 katoka Manyoni, kaletwa na mama mmoja tunasali wote. Namlipa 120,000, anakula kwangu analala kwangu. Siku ya kwanza nilimtajia bei zote asubuhi nikaondoka zangu Kariakoo kufuata mzigo. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi tunafunga saa nne usiku, mchana anatoka kumchukua mtoto shule na kufua, hapo anakaa mdogo wangu wa kiume. Wateja wawili watatu wanalipa kwa lipa namba, inaingia kwenye simu yangu. Cha nyumbani nachukua hapohapo, mkate wa watoto asubuhi, si duka langu.

Sasa tarehe moja nilihesabu mali yote kwa bei ya kuuzia nikapata 2,140,000. Ukaingia mzigo wa 1,960,000, nao kwa bei ya kuuzia. Baada ya wiki mbili hela niliyotoa kwenye droo ni 1,885,000, kwa hiyo ilitakiwa ibaki mali ya 2,215,000, nimehesabu mpaka saa saba usiku naona 2,153,000. Shoti 62,000! Asubuhi nikamfokea palepale wateja wapo, maana sijalala. Tangu siku hiyo haongei, mteja akiuliza bei ananiangalia mimi kwanza. Wifi yangu anasema anaiba anatuma kwao, nimkate yote mwisho wa mwezi ndio atatia akili, au nimrudishe. Na huyu ni wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Roho inaniuma maana ni mpole, wazee anawabebea mizigo mpaka kwao. Nifanyeje?

Mama wa Duka, Mbagala

*

Mama wa Duka, pole na hiyo saa saba ya usiku. Naijua. Nimekaa dukani Manzese miaka tisa, kuhesabu vibiriti huku kope zinadondoka si kazi ya kumtakia mtu. Lakini angalau wewe ulihesabu tarehe moja kabla ya kuanza kulaumu, wengi wanaoniandikia hawana hata hiyo namba ya kuanzia, wanasema tu "naona mali inapungua". Kwa hiyo tuna pa kushika.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama palepale, kwenye droo. Binti anaingiza mkono, mdogo wako anaingiza mkono mchana, na wewe jioni unatoa. Mikono mitatu. Ikikosekana elfu mbili leo, wewe utajuaje imepotea kwa nani? Hujui, na mimi sijui, na wifi hajui pia ingawa anasema kwa uhakika kabisa. Simaanishi binti ni msafi, simjui, ninachosema ni kwamba hesabu yako inakuambia duka limepungukiwa, haikuambii nani. Hayo ni mambo mawili na wewe umeyachukua kama moja, nakuelewa, ukiwa na hasira ni rahisi.

Tuichimbe hiyo 62,000 kidogo. Sukari. Tuseme ndani ya hizo wiki mbili umemaliza magunia mawili ya kilo 50, na unauza 3,200 kilo, robo 800. Kwenye hesabu yako kila gunia umeliandika robo 200, yaani 160,000. Lakini gunia likipimwa robo robo halitoi robo 200 hata siku moja! Mtu mgeni na mzani anaogopa kumpunja mteja, anaongeza punje mpaka mzani ushuke kabisa ndio anafunga. Akizidisha gramu 10 tu kila robo, gunia linatoa robo 192. Nane zimeondoka, hizo ni 6,400, na kwa magunia mawili ni 12,800, na hakuna mtu aliyeiba kitu. Mafuta ya kupima ni hivyohivyo, yanayobaki kwenye kuta za dumu na yanayodondokea kwenye kaunta. Halafu angalia mzani wenyewe una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu? Mzani ukiwa umelegea hata mimi na wewe tungepata shoti.

Mkate. Duka ni lako ndio, lakini umeshauhesabu kwenye mali ya kuuza. Kama ni mkate wa 1,500 kila asubuhi kwa siku 14 ni 21,000, na bado sijaweka siku ile mtoto kalilia juisi. Ukiutoa mkate na sukari kwenye shoti yako inabaki 28,200. Gawanya kwa siku 14, ni kama elfu mbili kwa siku.

Na lipa namba je? Umeniandikia hela uliyotoa kwenye droo ni 1,885,000, hukusema kama uliongeza na zile zilizoingia kwenye simu. Fungua meseji za wiki mbili hizo ujumlishe. Inawezekana uliziweka, basi, na inawezekana hukuziweka, na hapo unaweza ukakuta shoti imeyeyuka yote au hata imegeuka ziada, na binti ameshafokewa mbele ya watu. Fanya hiyo leo kabla ya kingine chochote.

Tuseme uliziweka. Bado kuna elfu mbili ya kila siku inatafuta mwenyewe. Inaweza kuwa chenji, inaweza kuwa bei, inaweza kuwa mkono wa mtu. Bei ulimtajia asubuhi moja. Duka kama lako halikosi vitu mia mbili, tatu, na mtu katoka Manyoni hajawahi kuuza hata karanga. Mimi nilikata boksi la sabuni nikaandika bei kwa maka pen, nikalipachika upande wa ndani wa kaunta ambapo mteja haoni, na kila mzigo ukija na bei mpya nafuta naandika upya. Bila hilo boksi, bei anaambiwa na mteja, na Mbagala hapo wapo watakaomwambia "hii mama huwa ananipa 1,200".

Kuhusu chenji nikusimulie. Nilikuwa na kijana mmoja, mzuri kabisa, lakini kila jioni inapelea elfu tano, nyingine elfu nane. Siku moja nikakaa pembeni kama nachambua mchele, namwangalia. Mteja katoa noti ya elfu kumi, kijana kaitupia ndani ya droo, kageuka kufuata unga, anarudi mteja anamwambia "chenji yangu ya elfu kumi", sawa, kampa. Anayefuata katoa elfu tano, nayo ikaingia droo, kageuka, na yule akasema vilevile "chenji ya elfu kumi". Kampa! Hakukumbuka. Nilinyamaza mpaka tumefunga. Nikamwambia mwanangu, kuanzia kesho noti ya mteja inakaa juu ya kaunta chini ya jiwe la mzani, unataja kwa sauti "umenipa elfu tano", unahesabu chenji mkononi mwake, ndio noti inaingia ndani. Tulifanya mazoezi usiku ule, mimi mteja yeye muuzaji, kama dakika ishirini, tukacheka. Zile shoti za elfu tano zikaisha. Ningemfokea asingejifunza chochote, maana hata yeye hakujua hela inatokea wapi.

Ndio maana hilo la kumfokea mbele ya wateja linanisumbua kuliko shoti yenyewe. Wewe mwenyewe umeona, sasa akiulizwa bei anakuangalia. Mtu mwenye hofu anakosea zaidi, na akikosea anaficha. Na wateja nao wamesikia, wengine wataanza kumruka wakusubiri wewe, kwa hiyo umejiongezea kazi ambayo ulimleta akupunguzie. Sikusemi kwa ubaya, mimi nilishamrushia mtu daftari. Ila hiyo inarekebishika, tena haihitaji hotuba. Usiku mkishafunga unamwambia "mwanangu juzi nilikosea kukusema mbele ya watu, njoo tuangalie hesabu wote", unamwonyesha ile ya mkate, ya kwako mwenyewe. Akiona bosi naye ana shoti yake atafungua mdomo, na hapo ndipo unaweza kusikia mambo ambayo hukuyajua, labda kuna mtu anachukua sigara anasema "dada yako anajua". Halafu kosa moja kwa siku moja. Leo chenji tu, mzani utauongelea wiki ijayo.

Sasa ushauri wa wifi, kukata yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umwandikie chanzo na kiasi na ulivyokipata, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 120,000 ni 30,000. Na hilo neno "kwa kosa lake" ndilo linaturudisha kwenye mikono mitatu, utalithibitishaje? Achana na sheria kidogo, angalia biashara. Muuzaji anayekatwa shoti asiyoielewa hujilipa, ama kwenye droo ama kwenye mzani. Anaanza kupunja, robo inakuwa gramu 230, shoti inaisha kabisa na wewe unafurahi, miezi miwili wateja wamehamia duka la jirani na hujui kwa nini. Nimeliona hilo kwa macho. Hata ukiamua kumpa motisha, mfano shoti ikiwa chini ya elfu kumi kwa wiki mbili anapata elfu kumi yake, mimi napenda njia hiyo lakini ina mtego huohuo, itabidi mara mojamoja umtume mtoto wa jirani akanunue robo ya sukari uipime.

Mshahara nao naomba tuuongee bila kununiana. Kima cha chini kwa sekta ya biashara kilikuwa 150,000 tangu Januari 2023, na amri mpya imekipandisha tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo 120,000 yako iko chini. Najua utasema anakula analala, ni kweli na ina thamani, lakini usiihesabu kama mshahara kabla hujauliza ofisi ya kazi. Najua pia duka la milioni mbili halina faida ya ajabu. Ila hebu hesabu saa. Kumi na mbili asubuhi mpaka nne usiku ni saa 16, na hujaniandikia anapumzika siku gani. Hata akipumzika Jumapili ni saa 96 kwa wiki, na sheria inasema kawaida ni 45, tisa kwa siku. Na shule na kufua sio kupumzika. Mtu huyo saa tatu usiku foleni imejaa, anakuhesabia chenji ya nani? Wa tatu ndani ya mwaka, umeandika mwenyewe. Wale wawili wa kwanza waliondoka kwa sababu gani, waliwahi kukuambia?

Hapa sina jibu moja, kila njia ina gharama yake. Unaweza kumwongezea mshahara na kubaki na saa hizohizo, utaumia mfukoni na makosa ya usiku yatabaki. Unaweza kugawa siku, binti asubuhi mpaka saa tisa alasiri na mdogo wako kuanzia hapo mpaka kufunga, kama mdogo wako yuko tayari kulipwa na kuwajibika kama mfanyakazi na sio kama mjomba wa nyumba, hilo wewe ndio unamjua. Au unaweza kufunga saa mbili usiku, ukose wateja wa mwisho. Na shule na kufua, amua kama ni sehemu ya kazi yake au sio, kisha mwandikieni kwenye karatasi na mshahara na siku ya kupumzika, asaini na wewe usaini, mbaki na nakala kila mmoja.

Ukichagua kugawa, shoti ya elfu mbili itajitaja yenyewe. Kila mmoja anaanza na hela yake ya chenji, mfano 20,000, iliyohesabiwa wote mnaona. Wakati wa kupokezana mnahesabu droo na vitu vichache tu, usihesabu duka zima utachoka siku ya tatu. Chagua vile vidogo vya bei, sigara, pampasi, maziwa ya unga, betri, mafuta ya kujipaka. Mnaandika, mnasaini, dakika kumi. Na chochote kinachotoka bila hela, mkate, umeme uliolipiwa kwenye droo, hela ya taka, kinaingia daftarini kwa jina la aliyechukua, hata kama ni wewe.

Baada ya wiki tatu nne angalia daftari linasemaje. Mtu anayekosea hukosea pande zote, leo imepelea 1,500 kesho imezidi 800, kwa sababu na yeye kuna siku kampa mteja chenji pungufu bila kujua. Ikiwa inapelea tu, haizidi hata siku moja, na inapelea kwa namba za mviringo, elfu mbili, elfu tano, au pakiti za sigara zinapungua zamu ya mtu mmoja tu, hapo una sababu ya kumkalisha mtu chini. Na inaweza isiwe zamu ya binti, jiandae na hilo pia, maana ndugu ni mgumu kumkalisha kuliko mgeni.

Kumrudisha Manyoni ni haki yako kulifikiria, sitakuambia usifanye. Ila kwa kuwa ameshapita mwezi wa kwanza na analipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 au umlipe hizo siku, pamoja na mshahara wa siku alizofanya, usimpakie basi usiku na nauli tu. Na yule wa nne atakuja kukaa kwenye droo hiyohiyo, atajifunza bei upya kwa wateja walewale. Kwa upande mwingine ukimbakiza na kumbe ni mwizi kweli, atakuwa ameshajua unavyohesabu, hiyo ni hatari ya kweli na siifichi. Inategemea na wewe una nguvu ya kukaa na daftari kila jioni kwa mwezi mmoja au huna, na kama huna sema tu, sio dhambi.

Niandikie tena ukishajumlisha zile meseji za lipa namba. Na kesho asubuhi ukienda kuchukua mkate, mwambie binti akuandike.